Faida Ipo, Pesa Hakuna

Zamani mwenye duka aliuza kwa taslimu na droo ikamwambia ukweli kila jioni, siku hizi anauza kwa ahadi mpaka anamwita ndugu yake mwizi.

Ndivyo ilivyomkuta muuza rangi. Mwezi ule aliuza kuliko miezi yote, lakini mwenye nyumba alipokuja kudai kodi, droo ilikuwa tupu. Akamgeukia dada yake aliyemshikia pesa.

"Mauzo yote haya, dada? Pesa mmekula wewe na shemeji?"

Dada akamvuta mkono hadi stoo, ambako makopo ya rangi yaligusa dari.

"Faida umepata, kaka. Lakini shule ilichukua rangi kwa mkopo, italipa muhula ukiisha. Na taslimu iliyoingia ulisema tununulie shehena hii, eti bei ya kutupa. Sasa mlipe mwenye nyumba makopo."

Muuza rangi aliyatazama makopo yale. Faida ilikuwepo, pesa haikuwepo, na maisha yake yote alidhani ni kitu kimoja.

"Nisamehe, dada."

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema dada, akamkabidhi funguo za duka.

Muhula ulipoisha, shule ililipa deni lote. Muuza rangi akatia fungu la pesa kwenye bahasha akampelekea dada, akamkuta na shemeji wakipakia magodoro kwenye lori, wanahama. Alipomnyooshea bahasha, dada hakuipokea.

"Kazihesabu vizuri, kaka," alisema akipanda, "tusije tukaambiwa tumepunguza."

Hakuwaona tena.