Siki Haikati Sukari

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi, na wateja wake humwita Profesa. Jina hilo limempanda kichwani. Kusoma hakusoma, lakini ukishakaa kwenye kiti chake utafundishwa siasa, mpira na tiba mpaka ndevu ziote upya. Debe tupu haliachi kuvuma.

Ana kisukari mwaka wa ishirini huu, na hujidunga insulini, dawa ya kushusha sukari, kabla ya kula. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari. Nikimshauri, anaita kelele. Porojo za mteja aliyekuja kunyolewa ndiyo elimu.

Mwezi uliopita akaanza siki. Kila mchana vijiko viwili kwenye glasi ya maji, kisha wali wa kulisha watu wawili.

"Siki inakata sukari, shemeji," akaniambia, kifua mbele.

Nikamcheka. Sikumuuliza zaidi, kumuuliza Profesa ni kujitakia somo.

Jumamosi dada akanipigia simu: njoo dukani, mume wangu haeleweki. Nikamkuta ana wembe mkononi, jasho linamchuruzika, mkono unatetemeka. Mzee aliye kitini amefumba macho, hathubutu hata kumeza mate. Nikaunyakua wembe. Mzee akatoka mbio na ndevu za upande mmoja.

Nikamtoboa Profesa kidole: mbili nukta sita. Sukari imeshuka vibaya; ikizidi hapo, mtu anazimia, na anaweza kufa.

"Umekula?"

"Nime... wali. Si muda mrefu."

"Insulini?"

"Kama kawaida."

"Na siki?"

Akatabasamu kama mlevi.

Nikamnywesha maji ya sukari. Robo saa ikapita, kipimo hakijapanda cha maana, nikamnywesha tena. Hata hayo yalikuwa yanapenya pole pole. Asidi ya siki hulifanya tumbo lichelewe kumwaga chakula kwenda kwenye utumbo, ambako wali hugeuka sukari. Kwa hiyo sukari huingia kwenye damu kidogo kidogo, haipandi kwa kishindo. Wengi huwafaa. Lakini tumbo la miaka ishirini ya kisukari mara nyingi ni zito tayari, na insulini yake haikuambiwa isubiri. Ilifika kazini, wali ukiwa bado umekwama tumboni.

Akili zilipomrudia nilibaki naye. Saa mbili baadaye nikapima tena: kumi na nne, imepanda kupita kiasi. Wali umefika.

"Haya, Profesa, imekatwa hiyo?" nikamkejeli. "Imechelewa tu! Mjinga gani alikudanganya?"

Akawa anafuta wembe, hanitazami.

"Siku niliyokuja kliniki kwako nilikaa benchini. Kulikuwa na mama mmoja mbele yangu, na wewe una haraka. Ukamwambia, 'Kunywa siki, inakata sukari.' Hukumuuliza kama anajidunga."

Akauweka wembe mezani.

"Shemeji," akasema, "siku hiyo tu ndiyo nilikusikiliza."