Yago Uani kwa Mwalimu Nyangi

"Mama Levi, yule mwalimu wa manesi anamzika mtu angali hai," Monicah wa jirani alisema, hata hajaketi. "Nimeona yago uani kwake, imevishwa sanda. Na kando yake makalio ya mtu, ya kitambaa, ameyaanika juani!"

Sufuria ya omena nusura imponyoke Roseline. Pale Karungu, mtu akizama ziwani asipatikane, wenyewe huzika tunda refu la mti wa yago mahali pake. Sasa hii ya nani, na hakuna aliyezama? Akamtazama Levi wake, miaka mitatu, akimfukuza kuku huku mguu wa kulia unaburuta. Tangu ile sindano ya malaria haukurudi ulivyokuwa. Na juzi tu Nyangi alisimama njiani akautazama mguu huo mpaka wakapita.

Akambeba mtoto mgongoni, akaenda.

Nyangi, Mkuria aliyehamia pale mwaka jana kufundisha chuo cha uuguzi, alikuwa mkekani akishona.

"Mwalimu, unamzika nani? Ni mwanangu?"

"Kumzika?" Roseline alipomweleza, Nyangi alishika mdomo. "Maskini mimi! Niliokota tu kitu kirefu, kizito kama mguu. Chuoni hatuna sanamu ya kufanyia mazoezi hata moja. Wanafunzi wanafungia hapo bandeji, kuanzia chini kupanda juu."

"Na haya makalio?"

"Godoro kuukuu juu ya ubao. Wanadunga maji, ndiyo sababu naanika." Alikuwa ameyagawa kwa kalamu mafungu manne. "Mtu mzima hudungwa hapa juu, upande wa nje. Huku chini kwa ndani kunapita mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Nimeficha puto la maji mekundu, anayekosea aone."

Roseline aliweka kidole pale chini. "Yule wa duka la dawa alimdunga hapa, miezi minane iliyopita."

Roseline akachukua bomba la sindano lililokuwa mkekani, akalizamisha papo hapo. Wekundu ukatambaa polepole kwenye kitambaa.

"Mtoto mdogo hadungwi makalioni kabisa," Nyangi alisema chinichini. "Ni pajani, upande wa nje."

"Mimi ndiye niliyemshika miguu asirusherushe."

Levi alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake.

"Atapona, Mwalimu?"

"Mpeleke hospitali kwa wale wa mazoezi ya viungo, nitakuandikia barua. Lakini ni miezi minane sasa. Sitakudanganya."

Nyangi akaifungua bandeji kwenye yago, akaikunja. "Hii naitupa leo, nisitishe watu. Lakini, mama Levi, wanafunzi wangu wakilipasua puto wanacheka. Wanacheka, wanaweka lingine. Jumatatu, kama moyo wako utakubali, mlete Levi darasani. Hakuna atakayemgusa. Nataka tu wamwone akitembea, kutoka mlangoni mpaka dirishani."