Pumzi za Mwalimu Geofrey Ukutani

Editha Mloka alikuwa mpiga chapa tangu ana miaka ishirini. Kiwanda alichokuwa akikifanyia kazi hapa Morogoro kilipouzwa kwa watu binafsi, miaka ya tisini, yeye na wenzake wa masijala walirudishwa nyumbani kwa barua za mistari mitatu, na barua zile alizichapa mwenyewe, pamoja na ya kwake. Baadaye akafungua kibanda cha kuchapa karibu na soko, kwanza kwa taipu, kisha kwa kompyuta ya mtumba yenye kioo kizito kama debe la maji. Watu walimletea barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, wosia. Alikuwa na sifa moja iliyowavutia wateja: hakubadilisha neno la mtu. Mtu akiandika vibaya alimwuliza mara moja, na akiambiwa acha hivyohivyo, aliacha.

Mwaka 2004 ndipo slaidi zilipoingia kanisani kwetu. Mzee wa kanisa mmoja, Dokta Dennis, mhadhiri wa chuo kikuu, alileta projekta ambayo idara yake ilikuwa imeacha kuitumia, pamoja na kompyuta ndogo ya kupakata. Vitabu vya nyimbo vilikuwa vimechakaa na watu walikuwa wanasomea watatu kitabu kimoja. Baraza likamkabidhi Editha kazi. Mimi nilikuwa naimba sauti ya pili kwaya kuu, na meza yake iliwekwa nyuma kidogo ya benchi letu, kwa hiyo haya niliyaona kwa karibu.

Jumapili ya kwanza ilikuwa aibu. Alichapa ubeti mzima wenye mistari minane kwenye slaidi moja, herufi nyeusi juu ya nyeupe, ndogo kama za barua ya ofisi. Walioketi nyuma hawakuona kitu, na akina mama wazee wa mbele walijikinga macho kwa viganja kwa sababu ukuta ulimeremeta kama bati la mchana. Wiki ile nzima, kila jioni, Editha alikwenda kanisani na kujaribu. Alikuza herufi, akatembea hadi benchi la mwisho, akarudi, akakuza tena. Akabakiza mistari minne tu kila slaidi, minene, ya rangi nyeupe, na kiitikio akakirudia kwa slaidi yake baada ya kila ubeti ili asihangaike kurudi nyuma ibada ikiendelea. Nyuma ya maneno akaweka rangi nyeusi. Mwisho wa kila wimbo aliweka slaidi tupu, nyeusi pia, ili ukuta unyamaze wakati wa sala.

Weusi huo ulidai giza, maana kwenye mwanga maneno yalififia. Kwa hiyo tulishona mapazia mazito kwa madirisha ya mbele. Ibada ya kwanza huanza saa moja asubuhi, wakati ambapo mara nyingi ukungu wa milima ya Uluguru unakuwa bado umeshuka hadi kwenye mapaa ya nyumba za upande wetu, na mapazia yakivutwa, madhabahu yote ilizama gizani. Ukuta haukuonekana. Hata ukingo wa picha haukuonekana. Yalibaki maneno peke yake, meupe, yamening'inia hewani juu ya kichwa cha mchungaji. Watoto waliacha kuchezacheza. Nakumbuka nilihisi baridi kwenye mikono, ingawa wimbo wenyewe ulikuwa wa furaha.

Nyimbo za kitabuni hazikumpa Editha taabu. Lakini washarika walitaka pia nyimbo za Mwalimu Geofrey. Huyu alikuwa mwalimu wetu wa kwaya kwa miaka ishirini na miwili, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa ugonjwa wa kifua. Ujanani alifanya kazi shamba la mkonge, kwenye chumba cha kupigia brashi nyuzi, na vumbi lile halikumtoka. Nyimbo alizotunga hazikuwa kitabuni. Kwaya ilizijua kwa kusikia, waumini wengine walijua viitikio tu. Mjane wake, mama Magreth, akatoa daftari kubwa ambalo marehemu alizinakili nyimbo zote upya mwaka wake wa mwisho. Editha akachapa, neno kwa neno na mstari kwa mstari, kama alivyozoea.

Wimbo wa kwanza ulioonyeshwa ni ule ambao sisi kwaya tuliuita wa mito. Mistari yake miwili ya kwanza, tulivyozoea kuiimba, ni hii: Umenivusha mito ya giza, umenikalisha penye nuru. Lakini ukutani ulitokea hivi:

Umenivusha
mito
ya giza, umenikalisha
penye

Hapo slaidi ikaisha. Neno nuru lilikuwa slaidi iliyofuata.

Watu mia tatu waliimba kama walivyoona. Wakasema umenivusha, wakavuta pumzi. Wakasema mito, wakavuta pumzi. Walipofika penye, wote walikwama, wamevuta hewa fupi ya juujuu, wanangoja. Nimeimba maisha yangu yote na sijawahi kusikia kanisa zima likitweta. Ilikuwa sauti kavu, kama ya mtu anayepanda ngazi, na ilitoka kila upande kwenye giza lile. Sisi wa kwaya tulijaribu kuwavuta waende kwa mwendo wetu wa zamani, tukashindwa. Ubeti wa tatu na sisi tulikuwa tunatweta nao.

Mama Magreth alikuwa benchi la tatu. Alikuwa haimbi. Alikuwa ameigeukia nafasi tupu kando yake, anatazama pale kana kwamba mtu ameketi.

Baada ya ibada mchungaji alisifu kwamba wimbo uliimbwa kwa kicho. Jumapili iliyofuata ukaimbwa mwingine kutoka daftari lile, na mambo yakazidi. Bibi mmoja aliyeitwa Modesta aliketi katikati ya ubeti akisema kuna mtu anamhemea sikioni. Wengine wawili walikohoa mfululizo mpaka wakatolewa nje, na walipofika kwenye hewa kikohozi kikakoma. Dokta Dennis alisema pale mlangoni kwamba hakuna ajabu, mtu akivuta pumzi fupifupi kwa muda lazima kichwa kizunguke. Alilisema vizuri, lakini niliona naye amejishika kifua.

Jumatatu mama Magreth alikwenda kibandani kwa Editha. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka ratiba ya mazoezi ichapwe. Editha alisimama akamwamkia shikamoo, akamsogezea kiti. Mama akaketi. Kisha akaomba daftari, akalifungua juu ya meza.

"Mama Riziki," alimwambia Editha, akimwita kwa jina la mwanawe, "umemwandika anavyopumua."

Akatueleza. Mwaka ule wa mwisho mumewe alikuwa anaketi kitandani, anaimba wimbo kwa sauti ya chini ndipo anauandika. Pumzi ilipokatika, alishusha kalamu kwenye mstari mwingine. Hakuwa anapanga. Ndivyo kifua kilivyomruhusu. Mama akafunua kurasa, na sote tukaona kitu ambacho Editha, kwa kuchapa kwake, hakukigundua. Kurasa za mwanzo mistari ilikuwa na maneno manne, matano. Katikati ya daftari maneno mawili. Kuelekea mwisho, neno mojamoja, limesimama peke yake upande wa kushoto, na karatasi nyeupe yote iliyobaki upande wa kulia. Wimbo wa mwisho haukumalizika. Editha alikuwa ameshauchapa, slaidi kumi na tisa, tayari kwa Jumapili ya kuwakumbuka marehemu.

Editha akasema atazipanga upya zote, akaomba radhi. Hapo mama Magreth akamshika mkono uliokuwa juu ya kipanya cha kompyuta.

"Usiziguse," alisema. "Nilimsikia."

Sikujua nitazame wapi. Editha aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yake yote ya kazi, mteja akisema acha hivyohivyo, hakuwa na neno la pili. Safari hii alikuwa nalo. Alimwambia mama kwa upole kwamba bibi Modesta amegoma kurudi kanisani, na kwamba mwalimu hakutunga nyimbo ili watu waishiwe pumzi. Kisha akamwuliza kitu ambacho mimi nisingefikiria kuuliza: kabla ya kuugua, mwalimu alikuwa anapumua wapi?

Mama Magreth alifikiri. Halafu akaanza kuimba, taratibu, macho kayafumba, pale pale kibandani huku watu wakipita na mafungu ya mchicha. Aliimba kama mumewe alivyoimba alipokuwa mzima. Umenivusha mito ya giza, yote kwa pumzi moja. Editha alisikiliza mpaka alipomsikia akivuta hewa, ndipo akabonyeza kitufe cha kushusha mstari. Umenikalisha penye nuru. Akabonyeza tena. Walikwenda hivyo siku nne, wimbo baada ya wimbo, na hakuna neno lililobaki likining'inia bila mwenzake.

Walipofika wimbo wa mwisho mama Magreth hakuimba. Alisema huo hakuwahi kuusikia akiuimba na nguvu. Editha akazifuta zile slaidi kumi na tisa mbele yake, moja moja, akamwuliza kila mara kama aendelee.

Jumapili ya marehemu kanisa lilijaa. Mapazia yakavutwa, maneno yakatokea gizani, makubwa, mistari minne minne, na tuliimba wimbo wa mito kwa vifua vilivyojaa. Bibi Modesta alikuja, akasimama mpaka mwisho. Mama Magreth aliimba safari hii. Wimbo ulipokwisha Editha akabonyeza, ikaja slaidi nyeusi, ukuta ukapotea.

Hapo kanisa zima lilivuta pumzi. Mara moja, fupi, ya juujuu, ile ile. Tukabaki tumeishika, watu mia tatu, tunatazama pale juu kwenye weusi kana kwamba neno moja bado halijatokea. Niligeuka kumtazama Editha. Uso wake ulikuwa umemulikwa na kioo cha kompyuta, mkono ameuondoa kabisa mezani. Hakukuwa na slaidi nyingine. Sijui tulikaa vile muda gani. Kisha mchungaji akasema tuombe, na watu wakaachia hewa.

Ibada ilipokwisha nilibaki kumsaidia Editha. Projekta haitakiwi kuchomolewa kabla feni yake haijaipoza taa, kwa hiyo tuliketi tukingoja, na mama Magreth akaja akaketi nasi. Feni ilivuma, ikapunguza, ikavuma kidogo, ikanyamaza.

"Mmemsikia?" mama aliuliza.

Editha alisema amemsikia.

Mama Magreth akatikisa kichwa kukubali. Alituambia kwamba wiki ijayo anahamia Turiani kwa binti yake, na daftari ataondoka nalo. Kisha tukakunja mapazia pamoja naye. Nje ukungu ulikuwa umeshapanda, mlima unaonekana wote, na akina mama walikuwa wamesimama kwenye jua wakijipasha mikono kabla ya kwenda nyumbani.