Niliwaita Wavamizi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Ni hasira juu yangu mwenyewe.

Vita vya uasi vilikuwa vimefika upande wa Ubundu. Mimi nilikuwa kijana, mwandishi wa gazeti dogo hapa Kisangani, najiona bingwa. Garimoshi la Ubundu likashusha watu wengi: wazee, kina mama na watoto migongoni, masufuria vichwani. Sikumwuliza hata mmoja jina lake. Nilimwuliza askari wa stesheni.

"Hao? Iko watu ya waasi," akasema.

Nikaandika kwa herufi kubwa: "Wimbi la wavamizi laingia mjini." Chini nikaongeza kwamba wageni hao ni watu wa waasi. Sikutaja kuwa ni maneno ya askari. Niliandika kana kwamba nimehakikisha. Tena wageni! Wakongomani kama mimi, kutoka mwisho wa reli yetu wenyewe.

Gazeti lilitoka asubuhi. Kufikia mchana, kule mtaa wa Kabondo, wenyeji waliokuwa wakiwapa maji walifunga milango. Vijana wa mtaa wakaipiga mawe shule walimolala hao waliokimbia. Fundi cherehani mmoja mzee miongoni mwao akavunjwa mkono.

Kesho yake mama mmoja, Mama Feza, aliingia ofisini na gazeti letu.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, mama."

"Bon, sawa. Bwana yangu alikuwa mwalimu kule Ubundu. Waasi ndiyo walimuua. Na wewe unaniita mutu ya waasi? Uliniona na bunduki gani?"

Mhariri wetu, Papa Ramazani, akanigeukia.

"Juzi walikuwa mbele yako. Mbona haukuwauliza?"

Niliandika upya: majina yao, walikotoka, walichokimbia, na kwamba tuhuma ile ilitoka kwa askari mmoja bila ushahidi. Mwenye gazeti akaibana habari hiyo ukurasa wa nne, chini ya matangazo. Wachache walisoma. Milango miwili mitatu ikafunguka. Kwingine waliitwa wavamizi hadi walipoondoka. Mkono wa fundi ulipona umepinda. Hakushona tena.

Leo nafungua redio nasikia "mafuriko ya wakimbizi", na damu inanichemka! Mafuriko hujengewa ukuta. Mvamizi hupigwa. Ukishampa mtu jina hilo, umeshamwambia msikilizaji la kufanya.

Kwa hiyo, mwanangu, nawe unapoingia kazi hii ya uandishi, usiandike jina la kundi kabla ya kuuliza la mtu. Aliyevuka mpaka kwa kuogopa kuuawa ni mkimbizi; aliyehama ndani ya nchi yake kwa vita, sema hivyo; aliyefuata kazi, sema alifuata kazi. Tuhuma itajie msemaji wake. Na ukikosea kwa herufi kubwa, pigana usahihishe kwa herufi kubwa.

Mungu akupe sikio la subira na ulimi wa haki, na siku utakapolazimika kukimbia wewe, ukutane na mtu atakayekuuliza jina lako kwanza.