Bi Siku Saba na Karatasi ya Mezani

Shangazi yangu ana usingizi wa kuku, na huo ndio msiba wake. Anaishi ghorofa ya kwanza, juu ya kona ya ngazi ambako mama mshonaji ameweka cherehani. Kila alfajiri, tak-tak-tak, na shangazi anaamka amenuna.

Yeye pia ni katibu wa kamati ya wakazi wa jengo letu, mwaka wa kumi na moja sasa. Kanuni zinataka jambo la kuamuliwa litangazwe siku saba kabla, isipokuwa la dharura, na kwa shangazi kanuni hiyo haina mjomba wala shemeji. Ndiyo maana wamembandika jina la Bi Siku Saba.

Kikao kimoja tulipofika Mengineyo, kipengele cha mwisho cha ajenda, mjumbe mmoja aliulizia taa ya ngazini, akajibiwa, shangazi akaandika mistari miwili. Kisha mwenyekiti akagawa karatasi ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Ilitaka mshonaji aondolewe mwisho wa mwezi kwa kelele za cherehani.

"Jambo dogo hili, tumalize tu," akasema. "Wanaokubali, mikono juu."

Mikono ikaanza kupanda. Mshonaji hakuwepo; ajenda ya ubaoni haikumtaja, angekuja kufanya nini? Nikamtazama shangazi na macho yake mekundu. Nikajua leo atafyata ulimi.

"Mwenyekiti, kuna dharura gani?" shangazi akauliza.

"Dharura hakuna, ila..."

"Basi naandika hivi: Mwenyekiti aliwasilisha karatasi mezani bila taarifa ya siku saba. Ilipokelewa kwa taarifa tu, haikuamuliwa. Itaingia kwenye ajenda ya kikao kijacho, na nakala zitatumwa mapema kwa wajumbe na kwa mshonaji."

"Dada, si wewe unayelalamika kila siku?"

"Nalalamika kwangu. Hapa naandika."

Mikono ikashuka. Juu ya karatasi akaandika kwa wino mwekundu, "Imewasilishwa kikaoni," na tarehe, asije mtu akadai ilitumwa mapema.

Kikao kilichofuata mshonaji alikuja na daftari la wateja wake, akawasomea wajumbe zipu na mapindo aliyowarekebishia, mmoja mmoja, mpaka suruali ya mwenyekiti. Tulicheka hadi machozi. Abaki, kura kumi na nne, aondoke, mbili. Mkono mmoja wa hizo mbili ulikuwa wa shangazi. Aliihesabu kura yake na kuiandika pamoja na nyingine.

Alfajiri, tak-tak-tak. Shangazi akashuka na khanga yake, nami nyuma mbio, nikijua leo ni vita.

"Niliuona mkono wako jana, dada," mshonaji akasema bila kuinua kichwa.

"Uliuona sawasawa."

"Kura ingepigwa kikao cha kwanza, nisingeuona." Akasimamisha cherehani. "Kuanzia kesho nitaanza saa moja. Ulale."

Midomo ikamcheza shangazi. Nilidhani atamshukuru.

"Kesho?" akasema. "Bila taarifa?"

Akageuka upesi kupanda ngazi, akijifuta macho kwa pindo la khanga.