Kiazi Kikuu na Nafasi Tupu

Misheck Mutuma aliandika mabango kwa brashi miaka mingi kabla hajagusa kompyuta. Bucha, kinyozi, duka la dawa za ng'ombe, kanisa. Barabara ya Nchiru yote ilikuwa mkono wake. Na katika kazi ile alijifunza jambo moja: mwenye bango hapendi kuona ubao umebaki wazi. Akiona pembeni pana nafasi ya kiganja tu, atasema, "Fundi, si hapa unaweza kuweka namba ya simu? Na hapa chini uandike Mungu ni mwema." Misheck akawa bingwa wa kujaza.

Mabango ya kuchapwa na mashine yalipoingia, brashi zilikauka mkebeni. Hakulia. Alinunua kompyuta iliyotumika, akakodi kibanda katikati ya hosteli mbili za wanafunzi, akaanza kuchapa kazi zao. Wanafunzi ndio waliomwonyesha kazi ya thamneli, ile picha ya mbele ya video ambayo mtu huiona kabla ya kuamua kufungua au kupita. Aliipenda mara moja. Lilikuwa bango tu, alijiambia, ila dogo.

Mwalimu Kathambi alikuja kibandani siku ya Jumatatu, baada ya masomo. Alikuwa amemrekodi baba yake, Mzee Gitobu wa Mikinduri, akieleza kilimo cha viazi vikuu, vile wenyeji huita ikwa. Video mbili za kwanza zilikuwa YouTube tayari, na waliozifungua walikuwa ndugu zake na majirani.

"Baba amechoka," alisema. "Ameniambia hii ya tatu isipotazamwa na watu, nisimwendee tena na simu. Na bado hajaonyesha kuchagua mbegu wala kuhifadhi. Hayo mambo hakuna mwingine pale kwetu anayeyajua vizuri."

"Niachie, Mwalimu," Misheck alisema.

Alifanya kazi kwa uangalifu, kama kawaida yake. Kutoka kwenye video alimtoa Mzee Gitobu akiwa amepakata kiazi kikubwa, akamweka katikati, nyuma yake shamba, kando mti uliozongwa na mmea wa kiazi. Juu aliandika JINSI BORA YA KUPANDA NA KUTUNZA VIAZI VIKUU. Chini kulia, pembeni kabisa, akaweka namba ya simu ya Kathambi. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Hapakuwa na nafasi iliyopotea.

Kathambi aliitia kwenye video akiwa amesimama palepale, kisha akainyoosha simu mbele ya uso wa Misheck.

"Soma."

Misheck alikunja macho. Picha ilikuwa ndogo kama kisanduku cha kiberiti. Kiazi cha rangi ya udongo kilikuwa mbele ya udongo, mikononi mwa mtu aliyevaa koti la rangi ya udongo. Maneno yalikuwa uzi. Na ile namba haikuonekana kabisa, kwa sababu pembe ile ya chini kulia ndipo YouTube huweka muda wa video.

"Ni matope," Misheck alisema polepole.

"Mimi sikusema," Kathambi alijibu, akacheka.

Misheck alipobaki peke yake aliitazama tena, kwenye simu sasa. Alijaribu kuongeza ukubwa wa herufi, lakini zilikosa pa kukaa. Kila kona ilikuwa na kitu, na alikuwa amekiweka yeye. Akaona kwamba hata kubadilisha rangi hakungemsaidia. Ilibidi apige picha nyingine, yenye kitu kimoja kinachoonekana kwa mbali na mahali pengi patupu pa kuandika.

Kesho yake alipanda boda boda hadi Mikinduri. Kulikuwa na mawingu meupe, yametanda mbingu nzima bila kitobo. Mzee Gitobu alikuwa uani na Kathambi, kiazi kimelazwa juu ya majani ya mgomba. Kilikuwa kirefu kama mguu wa mtu, na pale kilipotenganishwa na kichwa cha kupandwa tena palikuwa pamepakwa majivu kisioze.

"Fundi," Mzee alisema, "ulinitengenezea picha nikafanana na kichuguu."

"Ndiyo maana nimekuja, Mzee. Nina ombi. Tukikate kidogo. Ndani ni cheupe, kitaonekana vizuri sana."

Kathambi aliangalia chini. Mzee Gitobu alimtazama Misheck kama mtu aliyeombwa avue suruali.

"Wewe ni Mmeru wa wapi?"

"Wa hapahapa, Mzee."

"Na hujui hiki kinaenda wapi? Jumamosi tunakipeleka zawadi kwa wakwe wa mwanangu Kiunga. Nifike pale na kiazi kilichokatwa, waniulize nusu nyingine nimempa nani?"

"Basi kingine?"

"Vingine vimo ardhini, havijakomaa. Nikuchimbulie watoto?"

Misheck aliomba radhi. Alijaribu kukiweka kiazi mbele ya ukuta wa mabati, mabati yakang'aa kupita kiazi. Alijaribu juu ya majani ya mgomba, majani yakajaza picha kwa mistari. Mzee alivumilia, akavumilia, mwisho akainama, akakitia kiazi begani.

"Mnipishe. Kina pa kulala, hiki."

Akaanza kupanda ngazi za matuta kuelekea ghalani. Misheck, aliyekuwa tuta la chini, aliinua macho. Mzee alikuwa amesimama ukingoni, kiazi begani, na nyuma yake hapakuwa na kitu isipokuwa mawingu.

"Mzee, simama hapohapo! Nigeukie!"

"Tena?"

"Nitukane ukitaka, lakini usiondoke."

Mzee aligeuka, tayari kumtukana kweli. Misheck alichuchumaa, akamweka upande wa kulia, akaacha sehemu kubwa ya kushoto tupu. Kwenye kioo cha simu mzee alionekana mweusi tii mbele ya mwanga. Akagusa kiazi kwa kidole ili simu ipime mwanga pale, akavuta mwangaza juu kidogo. Mawingu yakageuka karatasi nyeupe. Mikunjo ya uso wa mzee na mizizi midogo ya kiazi ikatokeza. Akapiga.

Kibandani alikata umbo la mzee na kiazi kutoka kwenye mawingu. Nyeupe ingechanganyika na ukurasa mweupe wa simu za watu, kwa hiyo akaweka manjano tupu, bila kivuli wala ua. Pembe ya chini kulia aliacha kiwiko cha mzee peke yake, muda ukae juu yake. Upande wa kushoto aliandika kwa herufi nene nyeusi maneno ambayo mzee mwenyewe alianza nayo video, akiwakemea wanaochimba shimo refu mno: UNAKIZIKA KIAZI! Mkono ulimwasha aongeze neno chini. Aliunyoosha, akaushika kwa mwingine, akahifadhi picha na kumtumia Kathambi.

Ijumaa jioni Kathambi alimpigia simu. Video ilikuwa imefunguliwa na watu wengi asiowajua, kutoka Runyenjes, Chuka, hata Kisii. Lakini kulikuwa na shida. Mwanamume mmoja wa Igoji aliandika kwamba Mzee Gitobu hajui kupanda. Kwao shimo huchimbwa hadi kiunoni.

"Umemsomea Mzee?" Misheck aliuliza.

"Nimemsomea. Msikilize mwenyewe."

Sauti ya Mzee Gitobu ilisikika kwa mbali, kisha ikakaribia.

"Fundi! Hadi kiunoni! Huyo anapanda kiazi ama choo? Sikia, Jumamosi niko kwa wakwe. Jumatatu nataka shati langu jekundu lionekane, na Kathambi alete simu mapema. Nitamwonyesha mbegu, nitamwonyesha shimo, nitamwonyesha kila kitu mpaka anyamaze."