Uso wa Marehemu

Tangazo lile niliandika mimi. Kipindupindu kilipoingia Karatu, mganga mfawidhi alitaka mistari minne tu: saa za kuona wagonjwa ni kumi hadi kumi na moja jioni, mgonjwa mmoja mgeni mmoja, watoto hawaingii, chakula cha nyumbani hakiingii. Nikamwambia, daktari, watu wanafiwa humu, huwezi kuwaandikia kama unafukuza mbuzi shambani. Akaniambia niongeze ninachotaka, bora kisizidi karatasi moja.

Nikaongeza hivi: "Tunajua uchungu wenu. Mgonjwa akifariki, ndugu wawili wataruhusiwa kuuona uso wa marehemu kabla mwili haujafungwa, wakiwa nyuma ya kamba, bila kugusa. Mazishi yatasimamiwa na bwana afya." Kwetu sisi Wairaqw wa hapa milimani, mtu asipouaga mwili ni kama msiba haujamfika. Kwa hiyo niliona nimewatendea wema, tena mkubwa.

Tangazo likabandikwa getini. Akina mama wa Oldeani walifika na hotpoti za uji, wakalisoma, wakageuka nazo. Mmoja alinitukana kwa Kiiraqw, nami nikamjibu kwa Kiswahili kuwa mgonjwa wake atapata uji wetu. Sikuhisi chochote. Siku hizo nilikuwa nachanganya klorini, nabadilisha dripu, naosha mikono hadi ngozi ikabanduka, na moyo wangu ulikuwa umekaa kimya kabisa.

Jioni moja, geti likiwa limeshafungwa, mlinzi aliniita. Nje alisimama mzee wa Kimasai, shuka limejaa vumbi. Alikuwa ametoka Piyaya, huko Loliondo, kwa lori la ng'ombe, akashuka njiani na kudandia gari jingine. Mwanawe alikuwa kwetu tangu juzi, na nilijua hali yake: figo zilikuwa zimegoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, sista. Nimekuja kwa kijana wangu."

Nilimweleza saa za kuingia. Kisha, kwa kuwa sikutaka kumdanganya, nikamwambia kijana ni mahututi, na likitokea la kutokea ataruhusiwa kuuona uso wake. Niliyasema kwa sauti ile ya upole tunayoitunza kwa kazi hiyo.

Mzee akanitazama kama mtu aliyepewa kitu asichokiomba.

"Uso wa maiti nitaufanyia nini? Sisi hatuna kazi nao. Nataka nimbariki akiwa anasikia. Baba asipombariki mwanawe, mwana ameondoka na nini?"

"Unambariki vipi, mzee?"

"Kwa mate. Wewe hujui?"

Nilijua. Kila mtu Karatu anajua kwamba mzee wa Kimasai akikutemea mate kidogo, amekutakia mema. Nilichokuwa sijafikiri ni kwamba karatasi yangu nzima, na wema wake wote, ilianza kuwahurumia watu baada ya mgonjwa kufa. Kwa aliye hai ilikuwa na saa moja tu, na saa hiyo ilikuwa imeshapita.

Nilipomweleza bwana afya, alikuja juu. "Mate, sista? Kwenye kambi ya kipindupindu?" Nikamwuliza ugonjwa huu unatoka wapi, kwenye mate ya baba au kwenye choo cha mgonjwa? Akaenda mwenyewe kumletea mzee gauni na mabuti.

Mzee akanawa, akakanyaga dawa mlangoni, akasimama nyuma ya kamba mikono ikiwa imefungwa kifuani, kama nilivyomwelekeza. Kijana akafumbua macho. Mzee akasema maneno marefu kwa Kimaa, na kila baada ya sentensi akatema mate mepesi hewani kuelekea kitandani. Kijana akaitikia, "Naai," kama sisi tunavyosema amina. Aliitikia kila mara, hadi sauti ikawa midomo tu. Kisha mzee akanawa tena na kutoka.

Jioni hiyohiyo nilibandua tangazo. Juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, nikaandika: "Mgonjwa wako akiwa mahututi, usisubiri saa ya kuona wagonjwa. Mwambie mlinzi amwite muuguzi wa zamu. Utaingia."

Kijana alifariki asubuhi. Nilimfuata baba yake kwenye benchi la nje, nikampa pole, na kwa mazoea nikamwuliza kama angependa kuuona uso kabla hatujafunga.

"Hapana," akasema. "Wangu nilimwacha jana akiniitikia. Huyo mzikeni tu." Akauliza magari ya Loliondo yanapakilia wapi, nikamwelekeza.

Nilimwonea wivu mzee yule, nasema kweli. Mama yangu nilimuaga akiwa kwenye jeneza, pamba puani, na kila nikimkumbuka ni sura hiyo inayokuja kwanza.